Tofauti ya Sh. 30,000 Katika Hesabu ya Mwaka



Kwa mwaka uliokwisha mlitupa ruhusa ya kutumia Sh. 4,800,000, nalo daftari la fedha laonyesha kuwa tumetumia Sh. 4,830,000. Zimezidi Sh. 30,000 tu. Baadhi yenu mlipoiona jumla hiyo ubaoni mlitaka kumpongeza Mweka Hazina na kwenda zenu. Sisi tuliopewa kazi ya kukagua twawaomba mngoje kidogo, kwa kuwa hizo 30,000 ni mabaki ya tofauti kubwa zilizomezana, nyingine zimezidi na nyingine zimepungua.

Kubwa kuliko zote ni msaada wa mazishi. Tulikisia 960,000, tukatoa 1,560,000, zimezidi 600,000. Ukiuliza sababu, kila mtu hujibu kuwa misiba ilikuwa mingi. Ni kweli, lakini si kweli yote. Makisio yalisimama juu ya misiba 12, kila mmoja 80,000, na misiba iliyotufikia ni 17. Ile mitano ya ziada, kwa kiwango kile kile cha 80,000, ni 400,000. Zile 200,000 zilizobaki hazikuletwa na mauti. Katikati ya mwaka Halmashauri ilipandisha msaada hadi 100,000, na misiba 10 ikalipwa kwa kiwango kipya. 20,000 mara 10 ndizo hizo 200,000. Sehemu ya kwanza hapana aliyeweza kuizuia. Ya pili ni uamuzi wa watu, tena haukuletwa mbele ya mkutano huu. Twasema bila kinyongo, maana wawili kati yetu walinyosha mikono siku ile.

Na ile namba 12 ilitoka wapi? Tulifunua majalada ya miaka minne iliyotangulia, tukakuta misiba 14, 16, 15 na 12. Aliyekisia alitwaa mwaka wa mwisho, nao ndio uliokuwa mwepesi kuliko yote. Wastani wake ni 14 na kidogo. Lakini msidhani kuwa 17 sasa ndiyo desturi. Katika idadi ndogo kama hii, misiba miwili mitatu kuzidi au kupungua yaweza kuwa bahati tu, na mwaka mmoja hauthibitishi neno.

Sasa tutazame gazeti letu hili, ambalo laonekana kama limetuwekea akiba. Tulikisia matoleo 12 kwa 60,000 kila moja, yaani 720,000, tumelipa 300,000. Pungufu ni 420,000. Tulipohesabu nakala zilizomo jaladani tulikuta matoleo 8 tu, basi manne hamkuyapata, nayo thamani yake ni 240,000. Hata hivyo manane yalipasa kugharimu 480,000. Zile 180,000 zimekwenda wapi? Hazikwenda popote: twadaiwa. Karatasi na wino vilipokelewa Oktoba na Novemba, hati za kupokea mali zimetiwa sahihi, lakini ankara ililipwa Januari. Daftari la fedha huandika siku pesa ilipotoka mkononi, wala halijui siku mali ilipoingia mlangoni. Kwa hiyo kila akiba iliyo kubwa tuliilinganisha na hati za mali kabla ya kuifurahia.

Kodi ya chumba ni kinyume chake. Ilizidi 100,000, kwa sababu kodi ya Januari ililipwa Desemba. Miezi 13 imeingia katika mwaka mmoja. Viti vilivyokisiwa 250,000 havikununuliwa kabisa, kama mnavyojua ninyi mlio wima pale nyuma.

Tukiisahihisha hesabu, yaani tukiongeza deni la 180,000 na kuondoa ile kodi ya 100,000, matumizi ya mwaka ni 4,910,000. Zimezidi 110,000, si 30,000. Na kama mngalipata matoleo yote na viti vyenu, tungalifika 5,400,000, yaani kuzidi kwa 600,000 barabara, kiasi kile kile cha mazishi. Maana yake ni kwamba ongezeko la mazishi lililipwa sehemu kubwa kwa gazeti lisilochapwa na viti visivyonunuliwa, na hapana mkutano ulioamua hivyo.

Kwa hiyo twaleta maneno mawili mpige kura leo. La kwanza, je, mwakubali kiwango cha 100,000? Mkikikubali, makisio ya mwaka huu yawe misiba 15, yaani 1,500,000, na zitengwe 200,000 kando kwa misiba miwili zaidi, zisiguswe kwa jambo jingine. Mkikikataa, misiba 15 kwa 80,000 ni 1,200,000. La pili, ile ankara ya 180,000 iliyolipwa Januari isihesabiwe katika fungu la gazeti la mwaka huu, ama sivyo litaanza mwaka likiwa limekwisha kupungukiwa matoleo matatu.