Kuondoka kabla ya muda wa pango: kodi iliyobaki ni ya nani?



Malalamiko ya upangaji yanayohusu kuondoka kabla ya muda hufuata mkondo unaofanana. Mpangaji amelipa kodi ya mwaka mzima. Miezi michache baadaye anahamishwa kikazi, anaugua, au kipato chake kinapungua, akalazimika kuondoka. Anapoomba kurejeshewa kodi ya miezi ambayo hatakaa, huonyeshwa mstari mmoja wa mkataba usemao: “Kodi ikishalipwa hairudishwi.” Muda si mrefu mpangaji mwingine anaingia katika nyumba ileile, naye analipa kodi yake. Kwa miezi hiyo nyumba moja imelipiwa mara mbili.

Leo tungependa kueleza jinsi sheria ya Tanzania Bara inavyolitazama jambo hili, na namna mpangaji anavyoweza kulipima deni lake mwenyewe kabla ya kwenda kudai.

Haki ya kusitisha na kuvunja mkataba

Jambo la kwanza ni kuusoma mkataba na kutambua ni aina gani ya kuondoka inayozungumzwa humo, kwa kuwa zipo mbili na hesabu zake hazifanani.

Iko mikataba inayompa mpangaji haki ya kusitisha upangaji kabla ya muda. Husema, kwa mfano, kwamba mpangaji aweza kuondoka wakati wowote kwa kutoa notisi ya mwezi mmoja na kulipa kodi ya mwezi mmoja. Mpangaji anayeondoka kwa kufuata masharti hayo hajavunja mkataba. Fedha anayolipa ni bei ya haki aliyoinunua, hivyo ni vigumu kuja baadaye kusema kwamba mwenye nyumba hakupata hasara. Atailipa kama walivyokubaliana, wala hatadaiwa zaidi ya hapo.

Iko pia mikataba isiyotoa haki hiyo, au inayotaja adhabu kwa mpangaji atakayeondoka mapema. Hapo kuondoka ni kuvunja mkataba, na mwenye nyumba anastahili fidia. Swali linalobaki ni kiasi cha fidia hiyo, na jibu lake limo katika Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, vifungu vya 73 na 74.

Kifungu cha 73 humpa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara iliyotokana na kuvunjwa huko. Pamoja na hayo, kinaagiza kwamba wakati wa kukadiria hasara zizingatiwe njia zilizokuwapo za kuondoa usumbufu uliosababishwa. Kwa nyumba ya kupanga, njia iliyo wazi ni kutafuta mpangaji mwingine. Mwenye nyumba aliyekuwa na uwezo wa kufanya hivyo akakaa kimya hawezi kumtwisha aliyeondoka mzigo wote.

Kifungu cha 74 huhusu mikataba iliyotaja kiasi cha kulipwa, au iliyoweka adhabu. Hapo mwenye nyumba halazimiki kuthibitisha hasara yake shilingi kwa shilingi, bali fidia anayostahili ni ile iliyo ya haki, isiyozidi kiasi kilichotajwa. Kwa hiyo, kiasi kilichoandikwa katika mkataba ni dari ya fidia. Mkataba ukitaja kodi ya miezi mitatu na nyumba ikapata mpangaji baada ya wiki mbili, kudai miezi yote mitatu ni vigumu kukubalika kuwa ni fidia ya haki. Na ikikaa wazi miezi sita, mwenye nyumba hapati zaidi ya ile mitatu.

Mfano wa hesabu

Tuchukue mfano tulioutunga. Mpangaji wa Dodoma amepanga nyumba ya vyumba viwili kwa shilingi 250,000 kwa mwezi, tangu tarehe 1 Januari hadi 31 Desemba. Amelipa mwaka mzima, yaani shilingi 3,000,000. Mkataba hautoi haki ya kusitisha, na unasema kodi haitarudishwa. Anahamishiwa Mwanza kikazi, anatoa notisi ya maandishi tarehe 1 Mei, na kukabidhi funguo tarehe 31 Mei. Miezi saba imebaki, yenye kodi ya shilingi 1,750,000.

Mwenye nyumba anawaarifu madalali na kumlipa mmoja wao shilingi 50,000. Mpangaji mpya anaingia tarehe 1 Agosti, ila kwa shilingi 230,000 kwa mwezi, kwa sababu ndiyo bei aliyoweza kuipata.

Hasara yake ni hii. Juni na Julai nyumba ilikuwa tupu: shilingi 500,000. Kuanzia Agosti hadi Desemba anapungukiwa shilingi 20,000 kila mwezi, jumla 100,000. Ukiongeza malipo ya dalali, hasara yote ni shilingi 650,000. Kati ya shilingi 1,750,000 anazozishikilia, ziada ni shilingi 1,100,000, na hiyo ndiyo mpangaji anayopaswa kuidai.

Tuibadilishe hali kidogo. Iwapo mpangaji mpya angelipa shilingi 280,000, mwenye nyumba angepata nyongeza ya shilingi 150,000 katika miezi mitano, na nyongeza hiyo ingepunguzwa katika hasara. Ingebaki shilingi 400,000.

Yapo mambo mawili ambayo mara nyingi huingizwa katika hesabu hii isivyostahili. La kwanza ni rangi. Kuta zilizochakaa kwa matumizi ya kawaida zingehitaji kupakwa rangi hata kama mpangaji angekaa hadi Desemba, kwa hiyo gharama hiyo haikuletwa na kuondoka kwake. La pili ni ada ya dalali. Katika miji yetu mingi ada hiyo hulipwa na mpangaji anayeingia. Mwenye nyumba aidai ikiwa kweli imetoka mfukoni mwake, na stakabadhi ndiyo shahidi.

Mipaka ya jukumu la mwenye nyumba

Ni lazima tuseme pia yale ambayo mwenye nyumba halazimiki kuyafanya. Anatakiwa kuchukua hatua ambazo mtu makini angezichukua kwa mali yake: kutangaza, kuwaonyesha watu nyumba, na kumpokea mpangaji anayefaa. Hatakiwi kushusha kodi hadi chini ya bei ya mtaa, wala kumkubali mtu asiyeweza kulipa. Mwenye vyumba vingine vilivyo wazi hawezi kulazimishwa kukitanguliza chako.

Vilevile, anayedai kwamba mwenye nyumba alizembea ndiye anayepaswa kulithibitisha. Hapa ndipo madai mengi mazuri huanguka: mpangaji ameondoka, akarudi baada ya miezi minne, na hana ushahidi wa lini nyumba ilipata mtu mwingine.

Liko jambo zito zaidi. Mwenye nyumba aweza kusema kwamba hajakubali kuondoka kwako, kwamba nyumba bado ni yako hadi Desemba na uko huru kurudi. Ikiwa kweli ameiacha wazi kwa ajili yako, dai la kurudishiwa kodi huwa dhaifu. Hoja yake hupoteza nguvu mara anapopokea funguo, anapobadilisha kufuli, au anapompangisha mtu mwingine, kwa kuwa hapo ameichukua nyumba yake. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba makabidhiano yafanyike kwa maandishi. Mpangaji anayefunga mlango na kuondoka na funguo anaidhoofisha haki yake mwenyewe.

Hatua za kuchukua

Andika barua mapema kadiri unavyoweza. Maneno yake yaweza kuwa mafupi kama haya: “Ninakuarifu kwamba nitaondoka katika nyumba tarehe 31 Mei. Siku hiyo nitakukabidhi funguo na nyumba ikiwa tupu, ili uweze kuipangisha. Niko tayari kukuletea watu wanaotafuta nyumba na kuruhusu waione kuanzia sasa. Naomba tufanye hesabu ya kodi iliyobaki baada ya kutoa hasara utakayopata.” Barua ya namna hii humwonyesha mwenye nyumba kwamba hukatai kulipa hasara yake. Baki na nakala iliyosainiwa kuwa imepokelewa. Akikataa kusaini, mpelekee mbele ya shahidi, au mtumie pia ujumbe wa simu wenye maneno hayohayo na uuhifadhi.

Tafuta mtu wa kuingia mahali pako. Ukimpata, mpeleke kwa mwenye nyumba na uandike jina lake, tarehe, na jibu alilopewa. Mtu mwenye kazi na kodi mkononi akikataliwa bila sababu, huo ni ushahidi wenye uzito mkubwa. Usimkabidhi funguo wewe mwenyewe bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba, kwani mikataba mingi inakataza jambo hilo, na utakuwa umeongeza kosa la pili.

Siku ya kuondoka, kagueni nyumba pamoja. Pigeni picha za kila chumba, andikeni hali ya luku na maji, kisha msaini karatasi inayotaja tarehe ya kukabidhi funguo. Mjumbe wa shina au mwenyekiti wa mtaa aweza kuwa shahidi.

Baada ya hapo fuatilia. Jirani mwema atakuambia siku mpangaji mpya alipoingia. Bango la “nyumba inapangishwa” likionekana, lipige picha. Lisipoonekana miezi mitatu, hilo nalo ni habari ya kuandika.

Ukishapata tarehe hizo, andaa hesabu kama tulivyofanya katika mfano wetu na umpelekee mwenye nyumba kwa maandishi, ukimpa siku 14 za kujibu. Anayeona hasara zake zote zimeingizwa katika hesabu hupata shida kuikataa, na wengi humalizana hapo. Msipoafikiana, hatua ya kwanza kwa kawaida ni usuluhishi katika Baraza la Kata. Usuluhishi usipofaulu, waulize watumishi wa masjala ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kama shauri lako lafunguliwa hapo au katika mahakama ya kawaida, kabla ya kulipa ada yoyote.

Na kwa mnaotarajia kusaini mkataba mpya, ombeni sentensi moja iongezwe: mpangaji aweza kuondoka kwa notisi ya mwezi mmoja, na kodi ya miezi iliyobaki itarejeshwa baada ya kukata kodi ya mwezi mmoja. Mwenye nyumba hukubali masharti kwa urahisi zaidi kabla ya kupokea fedha. Sentensi hiyo huondoa ubishi wote tulioueleza leo, kwa kuwa kila upande unajua tangu mwanzo kuondoka kutagharimu kiasi gani.