Ugumu wa Ekseli: Mhadhara wa Umma



Aghalabu tukitaja asili ya gari fikira zetu huliendea gurudumu, ilhali kitu kiviringo chaviringika chenyewe, wala hakuhitajiwa hakimu kulibaini hilo. Mushkili uliowashughulisha mafundi wa kale ulikuwa ule mti upitao katikati. Mwaka 2002, katika kinamasi kilicho karibu na Ljubljana, nchini Slovenia, lilifukuliwa gurudumu la miaka elfu tano na zaidi, lenye kipenyo cha sentimita 72, pamoja na ekseli yake ya mwaloni. Halikukatwa kama kipande cha gogo, kwa kuwa kipande cha namna hiyo kikikauka hupasuka toka kiini hata ukingoni. Liliungwa kwa mbao mbili zilizopasuliwa kwa urefu wa mti, zikafungwa kwa mapapi ya mwaloni.

Tundu lake ni la mraba, na kwa dalili hiyo twajua kwamba ekseli ilikazwa kwa kabari, ikazunguka pamoja na magurudumu chini ya gari. Hapo ndipo penye mtihani: sehemu isuguanayo na gari sharti iwe mviringo sawasawa na laini, kwani ikibana gari halivutiki, na ikilegea magurudumu huyumba hata yakavunjika. Ekseli nyembamba hupunguza msuguano, lakini haistahimili uzito. Tena penye kona gurudumu la nje lina masafa marefu kuliko la ndani, na kwa kuwa yote mawili yamefungwa pamoja, moja halina budi kuburutwa.

Chombo cha namna hiyo chataka njia pana na mnyama mwenye nguvu. Kwetu, gurudumu halikuwa siri kwa watu wa pwani. Aliyekosekana bara ni mnyama wa kulivuta akaishi. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price alisafiri na ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa, akaona kuwa yamkini magari yangepita. Mwaka uliofuata Alexander Mackay, mhandisi wa misheni nyingine, alifyeka barabara katika njia hiyo hiyo, na magari yakaletwa; lakini ng'ombe wakafa kwa ugonjwa wa mbung'o. Simlaumu Price, maana ugonjwa huo hauui papo hapo: ng'ombe aliyeumwa huweza kuvuta kwa siku nyingi, huku akikonda na kuishiwa damu, hata aanguke kwenye nira safari ikiwa haijesha; hivyo jaribio la safari moja fupi laweza kumhadaa hata mtu makini.

Mizigo ikarejea mabegani mwa wapagazi, karibu frasila mbili kila mtu, wakifuatana mmoja mmoja katika vijia ambavyo gari lisingeweza kupita.