Kutafuta Wanga kwa Kutoa: Je, Nyuzinyuzi Zimo Ndani ya Kabohaidreti au Ziko Nje?



Katika mada hii nitatumia neno kabohaidreti kwa jumla yote inayoandikwa kwenye lebo, na neno wanga kwa ile sehemu ya jumla hiyo inayotoka kwenye unga, nafaka na viazi. Lebo nyingi hazina mstari wa wanga. Zinatupa kabohaidreti, chini yake sukari, kisha nyuzinyuzi. Wanga inabidi tuutafute wenyewe kwa kutoa. Hesabu yenyewe ni ya darasa la tatu, lakini nimeona wahudumu wazoefu wakipata majibu mawili tofauti kutoka kwenye pakiti moja. Chanzo cha tofauti hiyo ni swali moja tu: nyuzinyuzi zimehesabiwa ndani ya kabohaidreti, au zimewekwa nje?

Jibu linategemea sheria iliyotumika kuandika lebo. Ulaya, chini ya Kanuni namba 1169 ya mwaka 2011, kabohaidreti ni ile tu ambayo mwili unaweza kuitumia, na nyuzinyuzi ziko nje yake. Uingereza inafuata utaratibu huohuo. Hapo wanga ni kabohaidreti ukitoa sukari, basi, nyuzinyuzi haziguswi. Marekani na Kanada huandika kabohaidreti ya jumla, na nyuzinyuzi zimo humo ndani. Hapo unatoa sukari, na nyuzinyuzi pia. Rafu za maduka yetu hapa Afrika Mashariki zina bidhaa za pande zote hizo, na nyingine zimepitia Ghuba kabla ya kutufikia, kwa hiyo haifai kushika kanuni moja na kuitumia kwa kila pakiti.

Jicho linaweza kusaidia. Kwenye lebo ya Kimarekani mstari wa nyuzinyuzi umesogezwa ndani kidogo, chini ya kabohaidreti ya jumla, sambamba na sukari. Kwenye lebo ya Ulaya ni sukari peke yake iliyosogezwa. Nyuzinyuzi zimeanza pembeni kabisa, sawa na mafuta na protini. Hata hivyo mpangilio wa mistari usiuamini peke yake, kwa kuwa kiwanda kinaweza kuiga sura ya lebo ya nchi moja na kutumia hesabu ya nchi nyingine. Ushahidi ulio imara zaidi umo kwenye tarakimu zenyewe.

Tuchukue pakiti ya oti yenye lebo ya Uingereza. Kwa gramu 100 inasema: nishati kilokalori 374, mafuta gramu 8, kabohaidreti 60, kati yake sukari 1, nyuzinyuzi 9, protini 11. Tuijaribu kwa nishati. Gramu ya kabohaidreti au ya protini hutoa kilokalori 4, ya mafuta 9, na ya nyuzinyuzi hukadiriwa kuwa 2. Tukichukulia kuwa nyuzinyuzi ziko nje, kabohaidreti inatoa 240, mafuta 72, protini 44 na nyuzinyuzi 18. Jumla ni 374, sawasawa na lebo. Tukichukulia kuwa zimo ndani, kabohaidreti ya kutumika inabaki gramu 51, na jumla inashuka hadi 338. Lebo imekwisha kujibu: ziko nje. Wanga wa oti hiyo ni 60 kutoa 1, yaani gramu 59. Anayetoa na nyuzinyuzi atapata 50, na atakuwa amezitoa mara ya pili.

Kuna jaribio jingine linalofaa kwa vyakula vikavu, nalo ni la uzito. Jumla ya vitu vyote vilivyomo kwenye gramu 100 haiwezi kuzidi 100. Pumba za ngano, katika jedwali la vyakula la Marekani, zina kabohaidreti karibu gramu 64.5, nyuzinyuzi 42.8, sukari 0.4, protini 15.6 na mafuta 4.3. Ukijumlisha kabohaidreti, nyuzinyuzi, protini na mafuta unapita 127. Haiwezekani, kwa hiyo nyuzinyuzi zimo ndani. Wanga ni 64.5 kutoa 42.8 kutoa 0.4, unabaki gramu 21.3. Jaribio hili linafanya kazi hata kinyume chake. Kwenye ile oti, ukiziweka nyuzinyuzi ndani, vitu vyote vinafika 79 na kuacha 21 kwa maji na madini. Oti kavu haina maji kiasi hicho. Ingeota ukungu ndani ya pakiti. Ukiziweka nje zinabaki 12, na hicho ni kiasi cha kawaida kwa nafaka kavu.

Nimekaa sana hapa kwa sababu ya wagonjwa wa kisukari wanaochoma insulini kwa kuhesabu kabohaidreti. Ushauri wa Kimarekani wa kutoa nyuzinyuzi umewafikia, nao wanautumia kwenye pakiti za Ulaya. Tuseme nafaka ya asubuhi yenye pumba nyingi imeandikwa kwa mfumo wa Ulaya: kabohaidreti 48, kati yake sukari 18, nyuzinyuzi 27. Wanga ni 30, na ukiongeza sukari, kinachoweza kupandisha glukosi ni 48. Bakuli la gramu 40 lina takriban gramu 19. Aliyetoa nyuzinyuzi atahesabu gramu 8 tu, achome insulini ya chini ya nusu ya anayoihitaji, kisha ashangae sukari yake saa mbili baadaye.

Sasa niseme mipaka ya hesabu hii. Kinachobaki baada ya kutoa si wanga mtupu siku zote. Maltodekstrini, ambayo hutengenezwa kutokana na wanga, haihesabiwi kuwa sukari, kwa hiyo huangukia kwenye mabaki, ingawa humeng'enywa haraka sana. Biskuti za "bila sukari" nazo huwa na polioli kama maltitoli au sorbitoli, ambazo zimo ndani ya kabohaidreti lakini nje ya mstari wa sukari. Kama kabohaidreti ni 65, sukari 1 na polioli 18, wanga ni 46, si 64. Polioli zisipoandikwa kwenye jedwali, soma orodha ya viambato. Zikitajwa mwanzoni mwa orodha, usiandike jibu kama wanga, andika "wanga na polioli".

Tarakimu zenyewe nazo zimekadiriwa. Lebo ya Marekani inayohesabu kwa mlo mmoja wa gramu 30 huandika gramu kamili kamili. Tarakimu tatu, kila moja ikiwa na kosa la hadi nusu gramu, zinaweza kukupotosha kwa gramu moja na nusu, ambazo kwa gramu 100 ni 5. Jaribio la nishati nalo hulegea kwa vipimo vidogo namna hiyo, hasa nyuzinyuzi zikiwa chache. Palipo na safu ya gramu 100, hesabia hiyo.

Na mstari wa nyuzinyuzi ukikosekana kabisa, usidhani ni sifuri. Ulaya haulazimishwi, na kabohaidreti iliyoandikwa imekwisha kuziacha nje. Toa sukari na uendelee. Kwenye bidhaa ambayo hujui imefuata mfumo gani, nyuzinyuzi zisipoandikwa, wanga hauwezi kupatikana kwa kutoa.

Ombi langu kwenu ni moja. Mnapoandika kiasi cha wanga kwenye kadi ya mgonjwa, andikeni kando yake "nyuzinyuzi ndani" au "nyuzinyuzi nje", pamoja na jina la nchi ya lebo, ili mhudumu atakayeipokea kadi hiyo asizitoe tena.