MAZUNGUMZO KWA WATUMISHI NA WANANCHI: KODI PALE BIASHARA YA MTU MMOJA INAPOGEUZWA KUWA KAMPUNI



Mazungumzo haya yanahusu jambo moja ambalo huwakuta wafanyabiashara wengi bila ya kutarajia. Mtu aliyefanya biashara kwa jina lake kwa miaka kadhaa huamua kufungua kampuni. Hupeleka maombi kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), hupata cheti, kisha huendelea na kazi kwa lori lile lile, duka lile lile na bidhaa zile zile. Kwa maoni yake hakuna kilichouzwa. Kwa mujibu wa sheria, hata hivyo, mali imetoka kwa mtu mmoja ikaenda kwa mtu mwingine, kwa kuwa kampuni ni mtu kamili mbele ya sheria, mbali na yule aliyeiunda.

Ili jambo hili lieleweke vizuri, utachukuliwa mfano wa kubuni kutoka Wilaya za Nachingwea na Ruangwa, Mkoa wa Lindi. Wilaya hizo, pamoja na Liwale, ndizo zinazohudumiwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Runali, na msimu wa korosho unapofika magari hushughulika kutoa mazao katika maghala. Mfanyabiashara wa mfano huu ana duka la vifaa vya ujenzi mjini Nachingwea, jengo la duka la pili mjini Ruangwa, na lori la tani 10 analolikodisha kubeba mazao. Mauzo yake kwa mwaka ni shilingi milioni 150. Kwa kuwa yamepita shilingi milioni 100, hayumo tena katika utaratibu wa wafanyabiashara wadogo wanaokadiriwa kodi kwa kiwango cha mauzo. Huandaa hesabu, na faida yake imekwisha kuvuka shilingi milioni 12 kwa mwaka, yaani kila shilingi inayoongezeka hutozwa asilimia 30.

Lori alilinunua kwa shilingi 80,000,000, na ndiyo mali pekee aliyonayo katika daraja la magari mazito. Daraja hilo hupunguziwa uchakavu wa asilimia 25 ya thamani inayobaki kila mwaka. Mwaka wa kwanza lilibaki na shilingi 60,000,000, wa pili 45,000,000, na wa tatu 33,750,000. Sokoni, lakini, lori hilo bado linaweza kuuzwa kwa shilingi 55,000,000. Dukani mna saruji, mabati na nondo alizozinunua kwa shilingi 30,000,000, ambazo bei yake ya soko ni shilingi 38,000,000.

Mfanyabiashara huyo anafungua kampuni na kuikabidhi lori na bidhaa hizo. Hapati fedha taslimu, anapewa hisa. Hapo ndipo Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inapoingia. Sheria hiyo inasema kwamba mtu anapohamisha mali kwenda kwa mtu mwenye uhusiano naye, na kampuni anayoimiliki mwenyewe imo katika maana hiyo, atahesabiwa kuwa amepokea bei ya soko, hata kama hakupokea hata senti moja. Wapo wanaodhani kwamba wakiandika katika hati bei ndogo, mathalani shilingi milioni 10, watakuwa wamepona. Bei wanayoandikiana watu wenye uhusiano haimfungi Kamishna, naye atatazama soko.

Kwa hiyo lori linaleta pato la shilingi 21,250,000, ambayo ni tofauti ya bei ya soko na thamani iliyobaki baada ya uchakavu. Bidhaa zinaleta shilingi 8,000,000. Jumla ni shilingi 29,250,000, na kodi yake kwa asilimia 30 ni shilingi 8,775,000. Deni hilo ni la mfanyabiashara mwenyewe, wala si la kampuni, na alichonacho mkononi ni karatasi za hisa tu. Ugumu wa jambo hili uko hapo: kodi inadaiwa pasipo fedha yoyote kuingia.

Sheria haikumwacha mtu huyo bila ya njia. Imeweka utaratibu wa kuahirisha, ambao kwa utaratibu huo mali ya biashara huhesabiwa kuwa imehama kwa gharama yake iliyobaki, na si kwa bei ya soko. Masharti yake ni haya. Mmojawapo wa wahusika awe ni chombo kama kampuni. Mali iendelee kutumika katika biashara mara baada ya kuhamishwa. Pande zote mbili ziwe wakaazi wa Tanzania kwa maana ya kodi, na anayepokea asiwe amesamehewa kodi ya mapato. Umiliki halisi wa mali hiyo uendelee kuwa kwa wale wale kwa kiasi kisichopungua asilimia 50. Mwisho, pande zote mbili zichague utaratibu huo kwa maandishi.

Masharti mawili ya mwisho ndiyo yanayowaangusha watu wengi, nayo yanastahili kuelezwa kwa utaratibu.

Kwanza ni sharti la umiliki. Tuseme mfanyabiashara wa mfano huu anamgawia mkewe asilimia 30 ya hisa na kubaki na asilimia 70. Sharti limetimia, kwani aliyekuwa mwenye lori angali na zaidi ya nusu yake kwa kupitia kampuni. Lakini kama kwa ukarimu atampa mke asilimia 30, na ndugu yake wa Ruangwa asilimia 30, yeye atabakiwa na asilimia 40. Familia inaweza kuona kwamba mali haijatoka nyumbani. Sheria inamtazama yule aliyekuwa mwenye mali, na kwake umiliki umeshuka chini ya nusu. Kuahirisha kunakuwa hakupo, na shilingi 8,775,000 zote zinadaiwa. Inafaa, basi, mgawo wa hisa upigiwe hesabu kabla ya maombi kupelekwa BRELA, kwani kuupanga upya baadaye hakufuti uhamisho uliokwisha kufanyika.

Pili ni maandishi. Kuahirisha hakuji kwenyewe. Mfanyabiashara kwa upande wake, na kampuni kwa upande wake, hawana budi kuandika kwamba wamechagua utaratibu huo, wakiorodhesha mali zinazohusika, tarehe ya kuhamishwa, gharama iliyobaki na bei ya soko ya kila moja. Mtu anaweza kuona ajabu kutia saini mara mbili, mara moja kama yeye na mara ya pili kama mkurugenzi, lakini hao ni watu wawili mbele ya sheria. Barua hiyo iwasilishwe katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) inayowahudumia, na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ihifadhiwe.

Ni vyema kufahamu pia kwamba kuahirisha si kusamehe. Kampuni inarithi lori kwa shilingi 33,750,000, wala si kwa 55,000,000. Uchakavu wake wa mwaka wa kwanza utakuwa shilingi 8,437,500, ambapo kwa bei ya soko ungekuwa shilingi 13,750,000. Vivyo hivyo bidhaa zinaingia kwa shilingi 30,000,000, na faida yake itatozwa kodi kwa kampuni zitakapouzwa. Kodi iliyoahirishwa hurudi kidogo kidogo, lakini hurudi wakati fedha zimekwisha kuingia. Mhasibu anayeandika katika vitabu vya kampuni lori la shilingi milioni 55 na kudai uchakavu juu yake, ilhali mwenye kampuni amechagua kuahirisha, anaidai Serikali nafuu mara mbili. Mkaguzi atakayeweka hesabu za mwisho za mfanyabiashara kando ya hesabu za kwanza za kampuni ataiona tofauti hiyo mara moja.

Kuhusu jengo la Ruangwa, inafaa mtu afikiri kabla ya kulihamisha. Uhamisho wa ardhi na jengo unahitaji uthamini, taratibu za mamlaka ya ardhi, na uthibitisho wa TRA kuhusu kodi ya ongezeko la thamani ya mali hiyo kabla ya msajili kuandika jina jipya. Juu ya hayo upo ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 1 ya thamani. Kwa jengo la shilingi milioni 60 ushuru huo ni shilingi 600,000. Ushuru wa stempu una sheria yake, na kuahirishwa kwa kodi ya mapato hakuuondoi. Wananchi wa Visiwani watambue hapa kwamba Sheria ya Kodi ya Mapato ni ya Muungano na inatumika pande zote mbili, lakini ushuru wa stempu Zanzibar unaongozwa na sheria ya Zanzibar yenyewe.

Njia nyingine ni kuliacha jengo kwa jina la mfanyabiashara na kuipangisha kampuni. Hapo kampuni hulazimika kuzuia asilimia 10 ya kila kodi ya pango na kuipeleka TRA, hata kama mpangaji na mwenye nyumba hulala kitanda kimoja. Pango la shilingi 400,000 kwa mwezi litalipwa shilingi 360,000, na shilingi 40,000 zitapelekwa Serikalini kwa jina la mwenye jengo. Asiyezuia huja kudaiwa yeye kiasi alichopaswa kuzuia.

Lililobaki ni tarehe. Mwaka wa kodi wa mtu binafsi huishia tarehe 31 Desemba. Mfanyabiashara anayehamisha mali tarehe 1 Januari, baada ya kuhesabu bidhaa usiku wa kufunga mwaka, huwa na mpaka ulio wazi. Kabla ya siku hiyo mauzo yote ni yake. Baada yake yote ni ya kampuni. Kampuni huwa na namba yake ya mlipakodi (TIN), leseni zake za biashara na mashine yake ya EFD. Stakabadhi ikiendelea kutoka katika mashine ya zamani, mauzo ya kampuni yanaandikwa kwa jina la mtu mwingine. Kadi ya lori nayo ibadilishwe jina, kwani kampuni haiwezi kuonyesha kwa urahisi kuwa inadai uchakavu wa gari lake yenyewe ilhali kadi inamtaja mtu mwingine.

Madeni ya kodi ya miaka iliyopita yanabaki kwa mfanyabiashara mwenyewe. Hasara aliyokuwa akiibeba kutoka miaka ya nyuma nayo inabaki kwake. Kampuni haiwezi kuipunguza katika faida yake. Hesabu zake za mwaka wa mwisho zinatakiwa kuwasilishwa katika muda wa miezi 6 baada ya mwaka kwisha, ingawa biashara kwa jina lake imekwisha kufungwa.

Wafanyabiashara wanaokusudia kuchukua hatua hii wanashauriwa kufika kwanza katika ofisi ya TRA wakiwa na orodha ya mali na mgawo wa hisa wanaoukusudia, kabla ya siku ya kuhamisha. Watumishi wanaopokea maombi ya leseni katika Halmashauri nao wanaombwa kumwuliza kila mwombaji anayebadilisha jina la biashara kuwa la kampuni swali moja: je, barua ya kuchagua kuahirisha imekwisha kuandikwa?