Maneno Kando ya Msimbo: Lugha ya Ofa ya Msimu Makambako na Njombe

Mada ya leo ni sentensi moja tu: ile inayochapwa kwenye bango kando ya msimbo wa QR ili mpita njia ajue atapata nini. Msimbo huo wenye vijisanduku vyeusi na vyeupe ulibuniwa Japani mwaka 1994 katika kampuni ya Denso Wave kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari. Mashine huusoma kwa kufumba na kufumbua. Jicho la binadamu haliambulii kitu. Hivyo basi, kwa mtu anayepita, msimbo ni mlango uliofungwa, na maneno yaliyo kando yake ndiyo pekee yanayomwambia kilichomo ndani.

Makambako ni mahali pazuri pa kuyapima maneno hayo. Hapo barabara kuu ya Dar es Salaam na Zambia hukutana na ile inayokwenda Njombe hadi Songea, na reli ya TAZARA ina stesheni yake. Kwa hiyo bango moja husomwa na mkulima wa kijiji cha jirani, na msafiri wa Songea anayesubiri basi, na dereva wa lori ambaye kesho atakuwa Tunduma.

Chukua mfano uliotungwa kwa ajili ya mhadhara huu. Duka la pembejeo limebandika bango lenye maneno haya: “Ofa kabambe ya msimu! Punguzo hadi asilimia 20 kwa matawi yetu ya Njombe. Skani upate. Vigezo na masharti kuzingatiwa.” Sarufi ya maneno hayo haina kasoro kubwa. Hata hivyo, mtu akiulizwa atalipa shilingi ngapi, wapi na lini, hawezi kujibu.

Neno la kwanza la kuangaliwa ni “msimu”. Kwa mkulima wa Njombe, ambako mvua ni za kipindi kimoja kirefu, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili au Mei, msimu ni kilimo cha mvua hizo. Msafiri wa Pwani, aliyezoea vuli na masika, atauliza ni msimu upi. Na mwenye duka huenda alikusudia mwezi mmoja wa kuuza mbegu. Neno hilo linabeba nyakati tatu, na hakuna hata moja inayoweza kuhesabiwa kwa siku. Dawa yake ni tarehe mbili, ya kuanza na ya kumaliza. Saa nazo zina mtego wake. Bango likisema ofa inakwisha “usiku wa Jumapili”, mzee aliyelelewa katika hesabu ya siku inayoanza machweo ataelewa usiku unaotangulia mchana wa Jumapili, ilhali kijana ataelewa usiku unaoufuata. Waandishi wa habari walikwisha kuliona tatizo hili, ndiyo maana husema “usiku wa kuamkia Jumapili”. Bango la duka halihitaji ufundi wote huo; latosha kusema “hadi duka linapofungwa tarehe 30 Novemba”.

Neno la pili ni “hadi”, na hili ndilo lenye hila kuliko yote. Katika “hadi tarehe 30” neno hilo huweka mwisho ambao kila mtu ataufikia. Katika “hadi asilimia 20” huweka kilele ambacho huenda wengi wasikifikie. Tuseme mfuko wa mbegu za mahindi wa kilo 10 huuzwa shilingi 50,000, na duka limepanga kwamba anayenunua chini ya mifuko 10 apunguziwe asilimia 5, na anayenunua 10 au zaidi apunguziwe asilimia 20. Mama mwenye shamba dogo anayehitaji mfuko mmoja atalipa shilingi 47,500. Amepata shilingi 2,500, lakini njiani alikuwa akihesabu 10,000. Bango halikusema uongo. Limemwacha ajidanganye mwenyewe. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kuwapotosha wateja, na mwanaisimu anaweza kuongeza kwamba sentensi iliyo kweli neno kwa neno yaweza kupotosha vilevile.

Kuiandika bei yenyewe huondoa hila hiyo. Ruzuku ya mbolea ilipozinduliwa Mbeya Agosti 2022, kilichoshikwa na wakulima vichwani hakikuwa asilimia ya ruzuku bali bei: mfuko wa DAP wa kilo 50 kwa shilingi 70,000. Bei hulinganishwa na pesa iliyopo mfukoni papo hapo. Pamoja na hayo, punguzo hilo lilikuwa la mkulima aliyesajiliwa, na aliyekwenda bila usajili aligundua kuwa bei aliyoisikia haikuwa yake. Nani anastahili ni sehemu ya ofa yenyewe, si kiambatisho.

Ndipo lile fungu maarufu, “vigezo na masharti kuzingatiwa”, linapoonyesha udhaifu wake. Kitenzi kimewekwa katika hali ya kutendwa, tena bila nafsi wala njeo. Nani atazingatia? Lini? Ni masharti yapi? Fungu hilo halimpi msomaji habari yoyote, ila humwonya kwamba habari ipo na amenyimwa. Likiwepo sharti linalobadilisha bei, liandikwe juu ya bango kwa maneno yake.

“Matawi yetu ya Njombe” nayo ina utata wa kijiografia. Njombe ni mji, na tangu mwaka 2012 ni mkoa pia, na Makambako imo ndani ya mkoa huo. Kati ya miji hiyo miwili kuna kilomita 60 hivi. Anayesoma bango Makambako akaenda Njombe mjini, kumbe ofa ni ya Makambako, atakuwa amelipa nauli inayozidi shilingi 2,500 alizozifuata.

Lililobaki ni “skani upate”. Simu nyingi zilizowekewa Kiswahili husema “changanua”, neno ambalo kwa msomaji wa kawaida ni kazi ya mtihani. “Skani” imekwisha kukaa vinywani na haina haja ya kufukuzwa. Tatizo liko kwenye “upate”. Kiambishi tamati -e hapo huonyesha matokeo yaliyokusudiwa: skani, na hapo utakuwa umepata. Katika mfano huu kuskani huleta namba tu, ambayo sharti ionyeshwe dukani kabla ya kulipa. Mteja aliyeskani, akalipa, kisha akaonyesha namba, hurudishwa mikono mitupu.

Sentensi hiyo, ikiandikwa upya, yaweza kuwa hivi: “Mbegu za mahindi, mfuko wa kilo 10: sh. 47,500 badala ya 50,000. Ukinunua mifuko 10 au zaidi kwa mara moja: sh. 40,000 kila mfuko, kuanzia wa kwanza. Duka la Makambako tu, tarehe 1 hadi 30 Novemba. Skani upokee namba ya ofa. Ionyeshe kabla ya kulipa. Simu isiyoskani: omba namba dukani.” Maneno “kuanzia wa kwanza” yasiondolewe kwa kubana nafasi, maana bila hayo mwenye duka aweza kudai kwamba bei ya chini huanzia mfuko wa kumi. Chini ya msimbo iandikwe anwani itakayofunguka, ili mteja ailinganishe na ile anayoiona kwenye simu. Kibandiko cha tapeli juu ya msimbo halali hakitambuliki kwa macho, lakini anwani ngeni hutambulika. Na Desemba mosi bango liondolewe. Likisahaulika ukutani, ukurasa unaofunguliwa na msimbo uanze kwa kusema kwamba ofa imekwisha, na tarehe iliyokwisha.