Inhela ya Unga Huvutwa kwa Haraka na Nguvu

Leo nina jambo moja tu la kuwaeleza.

Kuna mama mmoja kikundini kwetu mwenye pumu. Miaka mingi alitumia inhela ya kupuliza. Baadaye akapewa ya unga, ile ya duara, avute asubuhi na jioni. Mwezi ukaisha, lakini usiku bado alikohoa na kifua kulia. Akasema, "Dawa hii ni maji tu." Nikamwambia, "Hebu vuta nikuone, mama." Akavuta polepole, vile alivyozoea. Basi, kosa lilikuwa hapo.

Inhela ya kupuliza ina gesi inayosukuma dawa nje. Unaitikisa, unabonyeza mara unapoanza kuvuta, na unavuta polepole. Ukivuta kwa kasi, dawa hugonga koo na kubaki huko. Lakini ya unga haina gesi. Pumzi yako ndiyo inayouchukua unga na kuuvunjavunja uwe laini, ufike ndani ya mapafu. Ukivuta polepole, unga hubaki mdomoni.

Fanya hivi. Fungua kifuniko, sukuma kishikio mpaka usikie "klik". Usitikise tena, wala usiigeuze chini, unga utamwagika. Geuza uso kando, utoe pumzi yote. Usipulizie ndani ya inhela! Unyevu wa pumzi huufanya unga ushikane, kama unga wa ugali ulioguswa na maji. Kisha bana midomo vizuri, uvute kwa nguvu tangu mwanzo, kwa haraka na kwa kina, mpaka kifua kijae. Itoe mdomoni, uzuie pumzi kwa hesabu ya kumi ukiweza. Mwisho sukutua mdomo kwa maji na uteme, maana dawa nyingi za kuzuia pumu huweza kuleta utando mweupe mdomoni.

Mama yule alinionyesha ile namba ya inhela: "Si unaona inapungua?" Kumbe namba hupungua ukisukuma kishikio, hata kama hukuvuta vizuri. Haithibitishi kwamba dawa imeingia. Na usiioshe kwa maji. Ifute tu kwa kitambaa kikavu.

Watoto wadogo, na mzee ambaye pumzi yake ni dhaifu, huenda wasiweze kuvuta kwa nguvu hiyo. Mwambieni daktari, inhela ya kupuliza pamoja na chupa yake ya kuvutia huwafaa zaidi. Na mtu akibanwa ghafla, atumie inhela ya kufungua kifua aliyoagizwa. Asipopata nafuu, au akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, apelekwe hospitali mara moja.

Mama alijifunza upya, na baada ya majuma machache alianza kulala usiku kucha. Dawa ilikuwa ile ile. Sasa, mwenye inhela nyumbani ailete mkutano ujao, tuone anavyovuta.