Kupima Maelezo ya Tangazo Bila Kudanganywa na Namba

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa kwa wafanyabiashara wadogo na vijana wa Wadi ya Miritini, Kaunti Ndogo ya Jomvu. Yamefupishwa kidogo kwa ajili ya wasomaji.



Wengi wenu hapa mnauza kwa simu. Unapiga video ya dera au ya viatu, unaandika maneno machache chini yake, unaiweka Facebook, na wateja wanakujia WhatsApp. Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: maneno yale yaandikwe vipi? Tuanze na bei, au tuanze na swali la kumvuta mtu?

Siku hizi simu yenyewe inajitolea kukujibu. Tangu mwaka 2023 Facebook imewapa baadhi ya watumiaji wa Reels chombo cha kupima. Unaandika maelezo tofauti, hadi manne, kwa video moja. Mfumo unawaonyesha watu mbalimbali maelezo mbalimbali, na baada ya muda mfupi, kwa kawaida dakika 30, yale yaliyotazamwa zaidi yanatangazwa mshindi na kubaki kwenye ukurasa wako. Wanaolipia matangazo nao wana chombo kinachoitwa A/B test. Hicho hugawa watu makundi mawili, na mtu wa kundi moja hapelekewi tangazo la kundi la pili.

Ugawaji huo una faida kubwa. Ukiweka maelezo ya kwanza Jumatatu katikati ya mwezi, na ya pili Ijumaa watu wamepata mshahara, hujapima maneno. Umepima mshahara. Makundi mawili yanayoonyeshwa kwa wakati mmoja yanaondoa kosa hilo.

Kosa linalobaki ni kuamini kila mshindi. Chukueni sarafu ya shilingi kumi, ile yenye simba. Irusheni mara 20 na mhesabu simba na ngao. Pande mbili zitalingana, kumi kwa kumi, karibu mara 18 tu katika kila majaribio 100. Mara zote nyingine kutakuwa na mshindi, na sarafu haina upendeleo wowote. Chombo cha simu ni vivyo hivyo. Ukikipa maelezo mawili yaliyo sawa neno kwa neno, karibu kila mara upande mmoja utapata zaidi. Kazi yetu ni kujua kama pengo ni kubwa kuliko lile ambalo bahati peke yake huleta.

Tuchukue mfano. Tuseme mama mmoja hapa karibu na stesheni ya SGR anauza madera. Maelezo ya kwanza yanasema: “Dera la pamba, shilingi 800, Miritini.” Ya pili yanasema: “Umeona rangi hii? Niandikie nikwambie bei.” Analipia A/B test. Siku ya pili kila tangazo limefikia watu 1,000. La bei limeleta ujumbe kutoka kwa watu 18, na la swali kutoka kwa watu 30. Kwa macho, swali limeshinda vibaya sana: ni zaidi kwa theluthi mbili. Anataka kusimamisha jaribio na kuondoa bei kwenye matangazo yote.

Asubiri kidogo, achukue kikokotoo cha simu. Ajumlishe ujumbe wa pande zote mbili: 18 na 30 ni 48. Abonyeze alama ya √, apate karibu 6.9. Azidishe kwa mbili, apate karibu 14. Hicho ndicho kipimo chake. Pengo lake ni 30 kutoa 18, yaani 12. Kumi na mbili haijafika 14, kwa hiyo bado hana ushahidi wa kutosha. Pengo likipita kipimo hicho, ni pengo ambalo bahati tupu ingelileta takriban mara 5 tu katika 100. Hesabu hii inafaa pale makundi yanapolingana kwa ukubwa, kila mtu amehesabiwa mara moja, na walioandika ni wachache kati ya waliofikiwa.

Sasa mtu atasema: basi nitapiga hesabu kila saa, na pengo likipita tu nasimamisha. Huo ndio mtego mkubwa. Anayechungulia mara nyingi anajipa nafasi nyingi za kukutana na bahati, na zile mara 5 katika 100 zinaongezeka sana. Kiasi cha watu kiamuliwe kabla ya kuanza. Ukitaka kutofautisha tangazo linaloleta ujumbe 20 kwa kila watu 1,000 na linaloleta 30, unahitaji karibu watu 4,000 kila upande. Pia jaribio lipite wiki nzima, maana Ijumaa na Jumapili haziko sawa na Jumanne.

Tuseme mama yetu amevumilia hadi 4,000 kila upande. Tangazo la bei limeleta 88, la swali 97. Pengo ni 9. Jumla ni 185, √ yake ni karibu 13.6, mara mbili ni 27. Tisa iko mbali na 27. Ule ushindi wa siku ya pili umeyeyuka. Haimaanishi kwamba maelezo yote mawili ni sawa kabisa. Maana yake ni kwamba kama tofauti ipo, ni ndogo kuliko jaribio hili linavyoweza kuona.

Tena tujiulize tulichohesabu. Tangazo lisilo na bei lazima lilete ujumbe wa “bei gani?”, na wengi wakijibiwa hunyamaza. Aliyeiona bei kwanza akaandika, huyo ameshaikubali. Mama huyu akifungua daftari, huenda akakuta mauzo yanalingana, lakini upande wa swali umemla jioni nzima akijibu. Chombo cha Reels nacho kinahesabu kutazamwa tu. Hakijui nani alinunua. Basi chagua mapema: unapima kutazamwa, ujumbe, au dera lililotoka dukani? Ukisubiri namba zije ndipo uchague, utachagua ile inayokupendeza.

Neno la mwisho ni kuhusu mpaka wa kipimo chenyewe. Ndani ya kila kundi, mfumo wa matangazo huwatafuta watu unaodhani watajibu, na huenda kila tangazo likapelekwa kwa watu wa aina tofauti kidogo. Kwa hiyo hata pengo likiwa kubwa, usiseme “watu wa Mombasa wanapenda maswali.” Sema tangazo lile, kwa mfumo ule, wiki ile, lilileta ujumbe zaidi. Ukitaka uhakika, rudia jaribio na bidhaa nyingine.

Kabla ya kubonyeza kitufe, andika daftarini mambo manne: unapima nini, watu wangapi kila upande, jaribio litaisha siku gani, na utafanya nini pengo lisipofika kipimo. Kwa mama wa madera, jibu la nne lingekuwa kubakiza bei kwenye tangazo, kwani inampunguzia kazi ya kujibu, na pesa ya jaribio lingine ainunulie kitambaa.

Wenye maswali njooni na simu zenu, tufungue namba zenu tuzihesabu pamoja.